Kalori za lebo zimezidi kwenye karanga na mtama, na anayepunjwa ni mtoto wa uji

Shangazi yangu wa Igoma ana daftari la kalori. Kliniki walimwambia apunguze kilo kwa sababu ya sukari, mjukuu wake akamnunulia mzani mdogo wa jikoni, na tangu hapo kila kinachoingia mdomoni lazima kiandikwe kwa kalamu, ugali gramu kadhaa, kipande cha sato, mchicha, chai ya rangi, vyote vina mstari wake. Mwezi uliopita nimemtembelea nikakuta karanga zimekatwa mistari miwili. "Baba, hizi nimeziacha," akaniambia, "gramu mia moja tu kalori mia sita na kumi, si bora nile ugali nishibe?"

Nikachukua pakiti nikaigeuza. Ni karanga kavu, mbichi, anazikaanga mwenyewe kwenye kikaango bila mafuta. Kwa gramu 100 lebo inasema protini gramu 25.8, mafuta 49.2, wanga 16.1, nishati kalori 610. Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele yake: protini mara 4 inakuja 103, mafuta mara 9 inakuja 443, wanga mara 4 inakuja 64. Jumlisha, 610. Imegonga palepale.

Kugonga palepale ndo dalili yenyewe. Hakuna mtu aliyepima zile karanga zinampa binadamu nishati kiasi gani, aliyeandika lebo amechukua virutubisho vitatu akavizidisha kwa 4, 9 na 4, basi. Wala sio kosa lake, hata mwongozo wa kimataifa wa lebo za vyakula wa Codex unaelekeza hivohivo. Shida ni kwamba hizo namba tatu hazikutengenezwa kwa ajili ya karanga nzima, wala dona, wala mtama.

Zilianzia kwa Mmarekani mmoja, Wilbur Atwater, alikuwa anafanya utafiti wake Connecticut miaka ya mwisho ya 1800. Kazi yake ilikuwa ya subira sana. Unampa mtu chakula kilichopimwa, unachoma sampuli ya chakula hicho ndani ya chombo cha chuma chenye oksijeni ujue kina joto kiasi gani, alafu unakusanya choo chote na mkojo wote wa huyo mtu na wenyewe unauchoma. Kilichoingia toa kilichotoka, kinachobaki ndo mwili umepata. Mafuta kwa mfano yakiungua yanatoa kama kalori 9.4 kwa gramu, yeye akakuta kwenye mlo wa kawaida watu wananyonya kama asilimia 95, kwa hiyo 8.9, tunaandika 9. Protini ikiungua ni 5.65, lakini kuna 1.25 inatoka na mkojo kwa sababu mwili hauwezi kuitumia yote, alafu kinachonyonywa ni asilimia 92, unapata 4. Wanga asilimia 97, unapata 4.

Sasa angalia hayo maneno "mlo wa kawaida". Kawaida ya nani? Ya Wamarekani wa zama zile, nyama, maziwa, siagi, mkate, mchanganyiko wa kila kitu kwa pamoja. Atwater mwenyewe alijua kabisa kwamba chakula kimoja kimoja hakinyonywi sawa, na alichapisha viwango tofauti kwa makundi tofauti. Zile 4-9-4 ni wastani wa mlo mzima, na kwa mlo mzima wa aina ile zinafanya kazi vizuri tu. Ukichomoa chakula kimoja ukakizidishia namba za wastani, hapo ndo unapoanza kudanganyika.

Kwa karanga sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Nilimfanyia shangazi jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani: chukua karanga kama kumi, tafuna kama unavyotafuna siku zote, ukifika pale pa kumeza usimeze, tema kwenye kikombe cheupe chenye maji ukoroge kidogo. Utaona chenga. Nyingine ni uji kweli, lakini chini kumejaa vipande vya milimita moja, nusu milimita, vingine vikubwa zaidi. Sisi tunaona tumetafuna kabisa, kumbe tumepasua tu.

Kila kipande kimoja kimejengwa kwa seli, na mafuta yako ndani ya seli, yamezungukwa na ukuta. Fikiria ghala lililopangwa magunia mpaka darini. Ukikata rundo katikati kwa panga, magunia yaliyopitiwa na panga yatamwaga, ya ndani yote yako mazima. Kwa lozi, ambazo zimechunguzwa sana, seli moja ina upana wa kama sehemu 40 za elfu moja ya milimita, kwa hiyo kipande cha milimita moja kina seli kama 25 kila upande. Ukipiga hesabu, zile za tabaka la nje zilizopasuka ni kama moja kwa kila tano, nne zilizobaki zimefungwa. Na sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuuyeyusha ule ukuta. Bakteria wa utumbo mpana wanaweza kuula kidogokidogo, lakini chakula kikishafika kule mafuta hayanyonywi tena, yanatoka nje. Yeyote aliyelea mtoto anajua, mtoto akila karanga nzima jana, leo unaziona.

Kuna jaribio la 1980 lilichapishwa kwenye jarida la udaktari la New England ambalo mimi nalipenda kwa sababu lilikuwa rahisi na limejibu swali lenyewe. Watu walipewa mlo ambao karibu mafuta yake yote yametoka kwenye karanga, awamu moja wanakula karanga nzima, awamu nyingine karanga za kusaga kama siagi, nyingine mafuta ya karanga matupu. Kwenye mafuta matupu asilimia 4.5 tu ndo ilitoka na choo. Kwenye karanga za kusaga asilimia 7. Kwenye karanga nzima asilimia 17.8. Karanga ni ileile na mafuta ni yaleyale, kilichobadilika ni nani amevunja seli, mashine au meno.

Turudi kwenye pakiti ya shangazi. Marekani walishatengeneza viwango vya chakula kimoja kimoja toka 1955, kazi ya Merrill na Watt wa Wizara ya Kilimo, na kwa jamii ya karanga vinasema protini 3.47, mafuta 8.37, wanga 4.07. Zidisha na zile gramu za lebo unapata 567, sio 610. Na hiyo 567 ndo namba utakayoikuta kwenye jedwali lao la vyakula, na apu nyingi za simu zinachukua humo. Lakini 8.37 maana yake wamechukulia asilimia 90 ya mafuta inanyonywa, na lile jaribio la 1980 linasema kwa karanga nzima ni kama 82. Nikiweka 82 badala ya 90, hesabu yangu inashuka mpaka kama 530.

Kwa hiyo karanga moja ina namba tatu: 610 ya lebo, 567 ya jedwali, na kama 530 ikiliwa nzima. Hapa watu wengi wanachanganya, mtu anasikia kwamba kalori za karanga zimezidishwa, anachukua namba ya apu ambayo tayari ilishapunguzwa mara moja, anaipunguza tena asilimia 15 au 20. Kabla hujapunguza chochote angalia unaanzia namba ipi. Piga zile 4-9-4 kama nilivyopiga, zikigonga ujue ni namba ghafi, zisipogonga kuna mtu ameshapunguza au ameondoa nyuzinyuzi kwenye wanga, na hapo usipunguze mara ya pili kwa sababu ileile.

Kosa la pili ni baya zaidi. Ni kuchukua punguzo la karanga nzima kuliweka kwenye karanga za kusaga. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani pale Beltsville walipima lozi za kila namna wakatoa majibu 2016: lozi mbichi nzima kalori 4.42 kwa gramu, zilizokaangwa nzima 4.86, zilizokaangwa na kukatwakatwa 5.04, na zilizosagwa kuwa siagi 6.53. Unaona ngazi inavyopanda. Kukaanga kunafanya punje ivunjike kirahisi mdomoni, kukata kunaongeza, kusaga kunamaliza kabisa, ile siagi haikuwa tofauti na hesabu ya kawaida. Hata korosho zetu za Mtwara zinaingia humo, wenyewe walipopima korosho walipata 137 kwa gramu 28 pale ambapo lebo inasema 163. Lakini ukisaga korosho ukaweka kwenye mchuzi, usiniambie habari ya 137.

Sasa kwa shangazi inabadilisha nini? Nimepima kiganja chake cha karanga mara mbili kwa siku, inakuja gramu 60. Kwa lebo ni kalori 366, kwa karanga nzima ni kama 318. Tofauti ni 48, yani tonge moja au mawili ya ugali. Nikamwambia ukweli kwamba hiyo tofauti ni ndogo kuliko makosa anayoyafanya akipima ugali, kwa sababu ugali leo umesonga mgumu kesho laini, maji yakizidi kidogo tu gramu 300 za leo sio za jana. Kwa mtu wa kiganja kimoja viwili, marekebisho haya hayampunguzii wala kumuongezea kilo. Kilichonisikitisha ni kwamba aliziacha kwa sababu ya namba. Aliziogopa, akaongeza ugali, na kwa mtu wa sukari hiyo biashara ni hasara. Hilo la karanga tulilimaliza, alizirudisha.

Ila mimi lililonikaa kichwani ni upande wa pili wa shilingi, ambao huku kwetu hauzungumzwi kabisa. Watu wanaoandika kuhusu haya mambo wengi wanamuandikia mtu anayetaka kupungua, na kwake lebo iliyozidisha haina madhara makubwa, amekula kidogo kuliko alivyodhani, si ndo anachotaka. Sasa mgeuze awe mtu ambaye chakula ni kichache na tumbo ni dogo. Lebo ikizidisha, huyo anapunjwa.

Tuanze na dona maana ndo chakula cha kila siku. Ubishi wa dona na sembe umesikika mpaka kwenye daladala za Nyegezi, huyu anasema dona ina kalori nyingi kwa sababu kiini chenye mafuta kimebaki, yule anasema ina kidogo ndo maana inapunguza mwili. Nimechukua unga wa mahindi wa nafaka nzima kama ulivyo kwenye jedwali la Marekani: protini 8.1, mafuta 3.6, wanga 76.9. Na ule uliotolewa kiini na pumba, ambao tuuweke mahali pa sembe: protini 7.1, mafuta 1.75, wanga 79.5. Kwa 4-9-4 dona inapata 372, sembe 362. Dona imeshinda. Sasa weka viwango vya nafaka yenyewe. Kwa mahindi mazima protini inahesabiwa 2.73 tu badala ya 4, kwa sababu sehemu yake iko kwenye tabaka za pumba ambazo utumbo hauzifungui vizuri, na kwa yaliyokobolewa ni 3.46. Dona inakuwa 362, sembe 370. Mshindi amebadilika! Wale wawili wa kwenye daladala kila mmoja ana hesabu yake na zote zimetoka kwenye kitabu.

Lakini tofauti yenyewe ni kalori 8 kwenye 370, asilimia mbili. Mtu akiniuliza ale ipi kwa sababu ya kalori namwambia asijisumbue, dona achague kwa sababu nyingine. Marekebisho yapo ila hayana kazi kwenye sahani ya ugali.

Mtama ni habari nyingine kabisa. Wazee wa Usukumani walikula ugali wa mtama kabla mahindi hayajashika, na sikuhizi umerudi kwa mlango wa uji wa lishe, kila duka la Mlango Mmoja lina unga wa lishe wenye mtama. Gramu 100 za mtama mzima zina protini 11.3, mafuta 3.3, wanga 74.6. Kwa 4-9-4 ni kalori 373. Kwa kiwango cha mtama ni 339. Pengo la 34, asilimia tisa, na karibu lote limetoka kwenye protini ambayo hapa haizidishwi kwa 4 wala kwa 3, inazidishwa kwa 0.91.

Nilipoiona hiyo 0.91 mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Sio kosa. Maana yake waliotengeneza jedwali walichukulia kwamba asilimia 20 tu ya protini ya mtama ndo inanyonywa. Mimi naona wamebana mno. Watafiti waliolisha watoto wa Peru uji wa mtama mzima, matokeo yakatoka 1981, walipata kama asilimia 46. Ukiweka 46 badala ya 20 kiwango kinakuwa kama 2.1 na mtama unapanda mpaka 352. Kwa hiyo ukweli uko kati ya 339 na 352, na popote utakaposimama hapo katikati bado uko mbali na 373.

Sababu ya mtama kuwa mgumu hivo ni protini yake yenyewe. Ukiupika kwenye maji zile protini zinashikana, zinajifunga zenyewe kwa zenyewe, vimeng'enya vinashindwa kuingia. Mahindi hayafanyi hivo kwa kiasi hicho. Na aina nyingine za mtama zina tanini, ule ukakasi unaousikia ulimini, nayo inakamata protini. Ndo maana bibi zetu hawakupika mtama hivihivi, walichachusha togwa, waliotesha kimea, na vipimo vya baadae vimeonyesha uchachu na kukoboa vinaifungua kweli ile protini. Unga wa lishe wa dukani mwingi umekaangwa ukasagwa basi.

Kuna mama anafunga unga wa lishe Buhongwa, nyumbani kwake, ana mzani, mashine ya kubana mifuko, na stika anachapishiwa mjini. Nilimfuata baada ya kununua pakiti yake maana lebo ilisema kalori 420 na nilitaka kujua imetoka wapi. Alinikaribisha, tukakaa kwenye mkeka pembeni ya beseni la mtama anaochambua, akaniambia mchanganyiko wake bila kuficha: nusu mtama mzima, asilimia 30 mahindi mazima, asilimia 20 karanga zilizokaangwa na kusagwa pamoja na unga. Hesabu ya lebo alifanyiwa na kijana wa stika. Tukaipiga upya wote wawili, yeye anasoma, mimi nabonyeza simu.

Kwa 4-9-4, mtama unachangia 187, mahindi 112, karanga 122, jumla 421. Kijana hakukosea. Kwa viwango vya nafaka, mtama 169, mahindi 109, karanga 113, jumla 391. Hapo karanga nimeziwekea 567 ya jedwali, sikuweka 530, kwa sababu zimesagwa, seli zimevunjwa na mashine, punguzo la karanga nzima halimhusu huyu mtoto. Na hata ukimpa mtama ile hesabu ya watoto wa Peru jumla inafika 398 tu.

"Mdogo wangu, kwani kalori thelathini ni nini?" akaniuliza. Swali zuri, na kwa mtu mzima ningemjibu sio kitu. Lakini mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anayenyonya, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Tuseme mama yake anatumia gramu 100 za unga kwa siku, uji asubuhi na jioni, na ile iliyobaki anaitafuta kwenye ugali na samaki wa mchana. Kwenye daftari lake anaandika 420, mwilini zinaingia 391. Siku 14 pengo limefika kalori 406, zaidi ya uji wa siku nzima. Kila wiki mbili mtoto anakosa siku moja ya uji na hakuna anayejua, mama anaona amempa, lebo inasema amempa, na kwenye kadi ya kliniki mstari unalala.

Naomba nisieleweke vibaya, mstari kulala kwenye kadi kuna sababu nyingi na kubwa kuliko hii. Malaria, kuharisha, na zaidi ya yote uji mwepesi. Gramu 30 za unga kwenye maji ya kutosha kujaza bakuli ni uji unaomiminika, mtoto anashiba maji, na hapo unaweza kupoteza nusu ya nishati sio asilimia saba. Mama anayepika uji wa kutiririka, marekebisho ya mtama yasubiri, kwanza uji ukae kwenye kijiko. Lakini kwa mama ambaye amefanya kila kitu sawasawa, uji mzito, kipimo sahihi, mara zinazotakiwa, na anamlisha mtoto aliyetoka kuugua kwa hesabu ya gramu na kalori alizoandikiwa, pale kalori 29 za kila siku ndo kosa lililobaki, na limewekwa na lebo.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye hili ni huu. Pakiti ya karanga ya shangazi ibaki na 4-9-4 yake, utaratibu wa kimataifa uendelee, hakuna atakayedhurika. Unga wa lishe wa mtoto ambao robo yake au zaidi ni mtama mzima usiandikwe kwa 4-9-4. Viwango vya nafaka moja moja vipo toka 1955, hesabu inapigwa kwenye simu dakika tano, haihitaji maabara. Na afisa lishe anayemuandikia mama gramu za unga ageuze pakiti kwanza, azidishe, zikigonga 4-9-4 na mtama umo kama nusu, aondoe asilimia saba kabla hajapanga kipimo. Mtama ukiwa mdogo, tuseme kijiko kwenye kilo, aache kama ilivyo. Na kama huo mtama umekobolewa, au umeoteshwa kimea, au umechachushwa, asiondoe yote, maana 0.91 ni ya mtama mzima usiofanyiwa kitu.

Yule mama wa Buhongwa sikumshauri apunguze mtama. Mtama ndo bei nafuu yake na wateja wake wameuzoea. Tulizungumza njia mbili. Ya kwanza ni kuotesha sehemu ya mtama kabla ya kukausha na kusaga, ambayo ina faida nyingine kwamba kimea kinalainisha uji, unaweza kuweka unga mwingi kwenye maji yaleyale na bado mtoto akameza, ila akaniambia mvua zikianza hana pa kuanikia, na mtama uliooteshwa usipokauka vizuri unaota ukungu, kwa hiyo ataanza kiangazi. Ya pili haihitaji kuanika. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kina gramu kama nne na nusu, kalori 40, na mafuta yaliyo nje ya seli yananyonywa karibu yote. Kijiko kimoja kwa siku kwenye uji kinaziba lile pengo na chenji inabaki.

Stika alikuwa ameshachapisha mia tano, pesa imeshatoka. Akachukua kalamu ya wino mweusi akaanza kukata 420 moja moja, juu yake anaandika 390, na chini ya maelekezo ya kupika anaongeza mstari: "weka kijiko 1 cha chai cha mafuta kwa siku". Nilipoondoka jioni alikuwa amefika stika ya sitini na kitu, binti yake anamshikia taa ya simu.